Kiti Bila K

RASHIDI: Assalam aleikum, karibuni tena. Mimi ni Rashidi, nafundisha Gredi ya Tatu hapa kisiwani, na mwenzangu ni Bi Mwanaisha, ambaye kazi yake ni kupima watoto wanaoshindwa kusoma. Leo tunazungumzia disleksia, ule ugumu wa kudumu wa kusoma maneno. Bi Mwanaisha, nataka uanze na yule kijana wa Likoni.

MWANAISHA: Aleikum salaam. Tumwite Salim, si jina lake. Ana miaka tisa, yuko Gredi ya Nne. Mamake alimleta na kitabu cha hadithi mkononi, akasema, "Nyumbani anasoma, shuleni ndiyo hasomi." Nikamwambia Salim asome. Akasoma ukurasa wa kwanza vizuri kabisa. Ukurasa wa pili nikaufunika kwa kiganja, naye akaendelea kusoma.

RASHIDI: Akaendelea? Na umefunika?

MWANAISHA: Akaendelea. Alikuwa amesomewa kitabu kile mara nyingi hata kimemkaa kichwani. Basi nikamwandikia neno moja kwenye karatasi: k-i-t-u-b-o. Akalitazama, akasema "kitabu". Nikamwambia, angalia tena pole pole. Akasema "kitabu" tena, na safari hii kwa sauti ya chini.

RASHIDI: Lakini kitubo si neno.

MWANAISHA: Ndiyo maana nalipenda. Neno lisilo na maana huwezi kulikumbuka wala kulibahatisha, lazima ulijenge kutoka kwenye herufi. Na Kiswahili kinamsaidia mtoto kuficha tatizo kwa muda mrefu, kwa sababu herufi zetu zinafuata sauti karibu moja kwa moja, na shuleni tunaanza na ba, be, bi, bo, bu. Mtoto mwenye kumbukumbu ya macho nzuri anazishika zile silabi kama picha, anaongeza maneno anayoyaona kila siku, anavuka Gredi ya Kwanza na ya Pili. Mtoto wa aina hiyo akisoma Kiingereza, makosa yanamwagika mapema. Kwa Kiswahili utakachokiona zaidi ni kwamba anasoma polepole mno, na neno refu au geni linamkwamisha.

RASHIDI: Haya, nieleze mzizi wa tatizo hilo. Watu wengi wanasema disleksia ni kuona herufi kinyume, b inakuwa d.

MWANAISHA: Kuchanganya b na d wanafanya watoto wengi tu wanapoanza. Ugumu wenyewe, kwa wengi wenye disleksia, uko kwenye sauti za maneno. Na sisemi masikio. Salim alipimwa masikio kwanza, na hilo ni lazima lifanyike kabla ya lolote, yakaonekana mazima. Anasikia "kiti", anajua kiti ni nini. Asichokipata ni kwamba ndani ya "kiti" mna vipande vinne: /k/, /i/, /t/, /i/.

RASHIDI: Kwetu sisi tunaosoma hilo ni jambo la wazi.

MWANAISHA: Liko wazi kwa sababu tunasoma! Hebu fanya hivi, na msikilizaji naye afanye. Jiandae kusema "kuku", lakini usitoe sauti. Midomo ikoje?

RASHIDI: Imekuwa duara.

MWANAISHA: Sasa jiandae kusema "kiti".

RASHIDI: Imetanuka.

MWANAISHA: Na bado hujatamka hiyo /k/! Irabu imeshaingia ndani ya konsonanti kabla hujafungua kinywa. Kinywani hakuna /k/ iliyokaa peke yake, sauti zinapandana. Akili ya mtoto ndiyo inayopaswa kugundua kwamba mwanzo wa "kuku" na mwanzo wa "kiti" ni sauti moja. Wanaisimu huita kipande hicho fonimu. Sasa fikiria herufi K. Herufi ni alama ya kipande hicho. Kama kipande chenyewe hakijatengana kichwani mwa mtoto, alama utaibandika wapi?

RASHIDI: Kwa hiyo akifika kwenye neno geni...

MWANAISHA: Ana kazi tatu kwa mpigo. Abadilishe kila herufi iwe sauti, azishike zile za mwanzo zisipotee wakati anatafuta za mwisho, kisha aziunganishe. Salim akifika kwenye "bo", "ki" imeshayeyuka. Anachukua neno la karibu analolijua, anakwambia "kitabu".

RASHIDI: Mimi darasani nawapigisha makofi kwa silabi. Sa-ma-ki, makofi matatu. Hilo halitoshi kumgundua?

MWANAISHA: Halitoshi, na hapo ndipo walimu wengi wanapoteleza. Salim alipiga makofi maneno kumi, hakukosa hata moja. Nikacheza naye kinyume, ule mchezo wetu wa utotoni wa kuchukua silabi ya mwisho kuileta mbele. "Maji"?

RASHIDI: "Jima".

MWANAISHA: "Samaki"?

RASHIDI: "Kisama". Siku hizo tulizungumza hivyo mchana kutwa, wakubwa wasitufahamu.

MWANAISHA: Ya silabi mbili Salim aliyaweza. Ya silabi tatu alichelewa, lakini aliyapata. Silabi za Kiswahili nyingi zinaishia na irabu, zinajitenga zenyewe mdomoni. Mtoto anaweza kuwa hodari wa silabi na akawa hana fonimu hata moja. Kwa hiyo lazima uteremke ngazi moja. Nikamwuliza, "samaki" inaanza na sauti gani? Akasema "sa". Nikamwambia, sema "kiti". "Kiti." Sasa sema "kiti" bila /k/.

RASHIDI: "Iti".

MWANAISHA: Yeye akasema "ti". Aliondoa silabi nzima, kwa sababu kwake hicho ndicho kipande kidogo kuliko vyote.

RASHIDI: Subiri kidogo. Huenda hakuelewa swali. Huyu tangu aanze shule amefundishwa ba be bi bo bu.

MWANAISHA: Swali zuri sana, na usipojiuliza hivyo utawapa nusu ya darasa jina la disleksia. Ndiyo maana kabla ya kuhesabu lolote namfundisha kwa mifano. "Paka" bila /p/ ni "aka". Namrekebisha, tunarudia kwa maneno matatu au manne. Mtoto aliyekuwa hajazoea swali hubadilika hapo hapo, unaona uso unafunguka. Salim baada ya mifano mitano bado alisema "ti". Kisha naweka mtego mdogo: "chai" bila /ch/.

RASHIDI: "Ai".

MWANAISHA: Wapo watakaokwambia "hai". Huyo anaiona tahajia kichwani, anafuta herufi c na kuacha h. Hasikilizi sauti. Jibu likikosewa, usiandike kosa tu, andika alichosema neno kwa neno. Jibu lenyewe ndilo linakuonyesha amekwama ngazi ipi.

RASHIDI: Na kama mtoto hakufundishwa kusoma vizuri tu? Darasa la watoto sabini, mwalimu mmoja.

MWANAISHA: Hapo lazima tuwe wakweli. Utambuzi wa fonimu na kusoma vinalishana. Mwaka 1979 Morais na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima wa Ureno wasiojua kusoma. Wengi walishindwa kuondoa au kuongeza sauti mwanzoni mwa neno, wakati wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Wale hawakuwa na disleksia, hawakufundishwa. Kwa hiyo "kiti bila /k/" peke yake haimhukumu mtoto. Naongeza majaribio mawili ya mdomo, hayana herufi hata moja.

RASHIDI: La kwanza?

MWANAISHA: Kurudia maneno yasiyo na maana. Nafunika mdomo wangu asisome midomo, nasema mara moja tu, arudie. "Rifuno", akarudia sawa. "Degapilo", sawa kwa kusitasita. "Mupelosaki", akasema "mupesaki". Silabi ya katikati imepotea. Maneno mafupi anaweza, yakirefuka yanaporomoka, na hiyo ni dalili ya kumbukumbu ya sauti kuwa dhaifu. Angalizo kwa anayepima Mombasa: sisi "paa" la nyumba na "paa" wa porini hatuwatamki sawa, huyo mnyama ana pumzi baada ya p. Mtoto akirudia neno kwa matamshi ya kwao Mvita, hilo si kosa. Vilevile mtoto wa nyumba inayozungumza Kigiriama.

RASHIDI: Na la pili?

MWANAISHA: Kutaja upesi. Watafiti Denckla na Rudel walilieleza miaka ya 1970, na sharti lake ni rahisi: picha tano za vitu anavyovijua vizuri, zimerudiwarudiwa hadi zifike hamsini, safu tano za kumi kumi. Mimi natumia taa, meza, jua, mti, kiti. Kwanza nahakikisha anazitaja zote, kisha nawasha saa. Hapa sipimi kama anajua, napima anachukua muda gani kulitoa jina kutoka kichwani. Salim alitumia sekunde 74, bila kukosea kitu.

RASHIDI: Nyingi hizo?

MWANAISHA: Sikutaka kumlinganisha na viwango vya watoto wa nchi nyingine, kwa lugha nyingine na majina ya urefu mwingine. Nilikwenda darasani kwao nikawapima wenzake kumi wa rika lake kwa karatasi ile ile. Wengi walimaliza kati ya sekunde 45 na 55. Katika lugha zenye tahajia ya wazi kama yetu, jaribio hili ndilo linaloshikana sana na kasi ya kusoma, kwa hiyo usiliache eti kwa sababu mtoto hakukosea.

RASHIDI: Kwa hiyo uliwaambia wazazi ana disleksia?

MWANAISHA: Hapana. Niliwaambia ana dalili zote ninazozitafuta, nikawaandikia barua waende kituo cha tathmini ya elimu, hivi vya EARC, apimwe kikamilifu. Lakini kufundisha hakungoji barua. Tulianza wiki hiyo hiyo na vifuniko vya soda. Nasema "kiti" polepole, naye anasukuma kifuniko kimoja kwa kila sauti. Mwanzo alisukuma viwili. Dakika kumi na tano, siku nne kwa wiki, na kila sauti ikishatengana tunaandika herufi juu ya kifuniko chake. Mtoto aliyekosa kufundishwa tu hukimbia baada ya wiki chache. Salim alitambaa, na huko kutambaa nako nikakuandika kwenye ripoti.

RASHIDI: Sasa yuko wapi?

MWANAISHA: Imepita miezi mitano. Vifuniko vinne anavisukuma bila kufikiri. Kutaja picha ni sekunde 70, karibu pale pale, na kusoma bado ni kwa polepole. Wiki iliyopita nilimwekea ile karatasi ya kwanza. Akaweka kidole chini ya k, akasogea herufi kwa herufi, midomo inacheza. "Ki... tu... bo. Kitubo." Akainua kichwa akaniuliza, "Mwalimu, kitubo ni kitu gani?"