Sanduku la Babu: Shughuli Moja ya Upole kwa Mtoto Aliyefiwa

Ndugu wazazi, walezi na walimu, nawashukuru kwa kufika. Ziko shughuli nyingi za mikono zinazoweza kumfaa mtoto aliyefiwa na babu au bibi, kuanzia uchoraji na ufinyanzi hadi kutunga barua isiyotumwa, lakini leo nitazungumzia moja tu, nayo ni sanduku la kumbukumbu, yaani boksi ambalo mtoto hulipamba na kutia ndani yake vitu vichache vya kumkumbuka marehemu. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ambayo nimeifanya mara nyingi zaidi na watoto wa kati ya miaka 5 na 10, na pia kwa sababu ndiyo ambayo sisi watu wazima huiharibu kwa urahisi tukiwa na nia njema kabisa.

Mtoto haombolezi kama sisi. Huzuni humjia na kumwacha, ikamjia tena. Sasa hivi analia, na kabla machozi hayajakauka yuko nje anafukuza mpira. Baadhi ya wazazi huniambia kwa uchungu kwamba mtoto hakumpenda babu yake, kwani alicheza siku ile ile ya maziko. Alimpenda. Ila hawezi kukaa ndani ya huzuni kwa muda mrefu, na ndiyo maana anahitaji kitu anachoweza kukifungua na kukifunga mwenyewe. Kwa hiyo katika sanduku hili kifuniko kina umuhimu sawa na vitu vyenyewe.

Kabla ya kutafuta boksi, mtoto awe ameambiwa ukweli kwa maneno ya wazi: babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu wala baridi, na hatarudi. Mtoto aliyeambiwa kwamba babu amelala au amesafiri atatengeneza sanduku la kumsubiri, na baadhi yao huanza kuogopa kulala. Mtoto wa chini ya miaka 5 huenda akauliza tena kesho babu atarudi lini, hata kama mmemweleza vizuri, kwa kuwa umri wake bado haujamwezesha kuelewa kwamba kifo hakina marejeo. Mjibuni tena kwa maneno yale yale.

Boksi la viatu linatosha. Siku ya kwanza mtoto alipambe tu kwa nje, apake rangi au abandike karatasi apendavyo, kwa muda wa dakika 20 au 30, kisha muache. Akichagua rangi nyeusi, msishtuke; huenda ndiyo kalamu iliyokuwa karibu. Mimi sijawahi kuisoma huzuni ya mtoto kutokana na rangi peke yake, na nawaomba nanyi msifanye hivyo. Ulizeni tu, "Niambie kuhusu mchoro wako," kisha mnyamaze. Swali la "Unajisikiaje?" huwa zito mno kwa mtoto wa miaka 6, naye hulijibu kwa neno moja ili aachwe.

Siku nyingine ndipo mchague vitu, vichache, 5 hadi 7 hivi. Achague mtoto. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunataka kutia saa ya dhahabu na picha ya arusi, ilhali mtoto anataka kifungo cha koti au kalamu iliyokwisha wino. Kifungo kile ndicho alichokuwa akikichezea alipopakatwa. Picha iwe nakala, ile halisi itunzwe kwingine, ili mtoto awe huru kuishika kwa mikono yenye gundi. Kitu kisichoingia, kwa mfano fimbo ya kutembelea, kichorwe: lazeni fimbo juu ya karatasi ndefu, mtoto afuatishe ukingo wake kwa penseli, kisha karatasi ikunjwe.

Nguo inahitaji uangalifu wa peke yake. Watoto wengi huomba shati au kitambaa kwa ajili ya harufu, hivyo msikifue kwanza. Kitieni ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, na mwambieni mtoto mapema kwamba harufu itapungua kidogo kidogo, na kila mfuko unapofunguliwa nyingine hutoka. Asipoambiwa, siku atakayonusa na kukosa atahisi amempoteza babu mara ya pili.

Sasa niwaeleze juu ya mvulana mmoja wa miaka 6, ambaye babu yake alikuwa akitengeneza redio na alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Mama yake alilalamika kwamba hasemi chochote. Tuliketi ubavu kwa ubavu, si ana kwa ana, kwa sababu mtoto huzungumza kwa wepesi zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho ya mtu mzima yakiwa kwingine. Kitu cha kwanza alichotia ndani ya boksi kilikuwa skrubu moja ndogo. Aliiviringisha kwenye pamba, akaifunga kwa uzi, akafungua, akaifunga tena. Katika kule kufunga kwa mara ya tatu alisema, bila kuinua uso, "Mimi nilikataa kumwamkia."

Asubuhi ya siku babu alipopelekwa hospitali, mtoto alikuwa amenuna. Wiki zote zile alikuwa ameamini kwamba kununa kwake ndiko kulikomuua. Katika umri huo, watoto huweza kudhani kwamba fikra na hasira zao zina nguvu ya kutenda mambo. Mama yake alitaka kumkatiza kwa kusema "Usifikirie hivyo," nami nikamwomba kwa ishara asubiri. Kisha mama akamwambia polepole: "Babu alikufa kwa sababu moyo wake uliugua sana ukaacha kufanya kazi. Kununa hakuwezi kusimamisha moyo wa mtu. Babu alijua kwamba unampenda." Mtoto aliuliza maswali mawili kuhusu moyo, akafunga kifuniko, akaomba kwenda kucheza. Tukamruhusu.

Asiyetaka kufungua sanduku lake asifunguliwe, na ndugu zake wasilipekue bila idhini yake. Mzazi akitokwa na machozi wakati wa kazi hii si vibaya, mradi aseme analia kwa nini; lakini kama huzuni yake bado inamzidi kiasi kwamba mtoto ndiye anayembembeleza, basi shangazi, mjomba au mtu mwingine aliye karibu na mtoto akae naye mahali pake.

Tena sanduku si tiba ya kila kitu. Mtoto anayesema anataka kufa ili amfuate bibi apelekwe kwa mtaalamu mara moja, bila kusubiri. Vivyo hivyo, mtoto ambaye miezi inapita halali vizuri, hacheki, hachezi na wenzake au hataki kabisa kwenda shule, anahitaji msaada unaozidi boksi na gundi.

Yule mvulana alianza kuibeba ile skrubu mfukoni, na siku moja ikapotea. Alilia kuliko alivyolia siku ya maziko. Mama yake alinipigia simu akiuliza kama amnunulie nyingine inayofanana nayo, nami nikamshauri asifanye hivyo, ila aketi naye na karatasi. Waliichora pamoja kwa kumbukumbu, kubwa, ukurasa mzima, na mtoto akasisitiza kwamba kichwani ilikuwa na mkwaruzo mahali bisibisi ya babu ilipoteleza. Mkwaruzo huo mama hakuwahi kuuona. Karatasi hiyo waliikunja, wakaiweka ndani ya pamba ile ile.