Jinsi ya Kumwandikia Bibi Salamu za Siku ya Kuzaliwa kwenye Akaunti ya Familia

Karibuni watazamaji. Tunaanza na rasimu mnayoiona kwenye skrini: "Bibi yetu mpendwa, nguzo ya familia, Mungu akupe maisha marefu." Dua hiyo ni ya kweli, lakini ukimpelekea bibi wa jirani maneno hayohayo yatamfaa vilevile, na hapo ndipo utajua kwamba Bibi yako bado hajaingia ndani yake.

Kwanza, wapigie simu ndugu watatu wa rika tofauti. Usiwaulize wanampendea nini, kwa sababu watakutajia upole na ukarimu. Waulize Bibi hufanya nini watu wanapokwenda kulala, au husema nini mtu anapoaga. Kwetu, binamu mmoja alikumbuka jinsi Bibi anavyohesabu viatu mlangoni kabla ya kufunga, na mama mdogo akathibitisha kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu wao wakiwa watoto.

Sasa andika tendo hilo lenyewe, bila kulifafanua:

"Shikamoo Bibi. Kila usiku unashika taa, unainama mlangoni na kuhesabu viatu vyetu. Jozi moja ikipungua, unarudi kwenye kiti na kumngoja mwenyewe, na akiingia humuulizi alikotoka, unamuuliza kama amekula. Leo umeongeza mwaka mwingine, na siku hizi kuna viatu vya vitukuu pia. Mungu akuzidishie afya uendelee kutuhesabu."

Utatamani kuongeza kwamba hayo yanaonyesha upendo wake. Usiongeze, kwani msomaji ameshauona. Angalieni pia kwamba dua imebaki, ila imekuja baada ya viatu, na kwa hiyo haiwezi tena kuhamishiwa kwa mtu mwingine.

Naomba tukae kidogo kwenye nyakati za vitenzi. Rasimu yetu ya awali ilisema "ulikuwa unahesabu", ikaambatana na picha moja ya zamani isiyo na rangi, na ndugu mmoja aliye mbali akapiga simu kwa hofu akidhani ni tanzia. Kwa mtu aliye hai, tumia "unahesabu", na picha ya kwanza iwe ya karibuni. Ya ujana wake ifuate.

Kwa kuwa akaunti ni ya wote, "mimi" isiyo na mwenyewe huwachanganya wasomaji. Andika "sisi", au malizia kwa kujitambulisha: "Ni mimi, mjukuu wako wa tatu." Umri, tarehe kamili na mwaka wa kuzaliwa usiviweke hadharani, maana matapeli huvitumia kujifanya yeye.

Mwisho, kabla ya kuchapisha, msomee Bibi mwenyewe na umwombe ruhusa ya picha. Bibi yetu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba hashiki taa, anashika tochi. Tukabadilisha neno hilo, ndipo tukachapisha.