Mshono Ukiwa Nyumbani

Akina mama mliojifungua kwa upasuaji na mnaoruhusiwa leo, nanyi mliokuja kuwachukua, karibuni. Kwenye karatasi yako daktari aliyekupasua ameandika, "Kidonda kikavu, hana homa." Hiyo ni hali ya leo. Kidonda kikiingiwa na vijidudu, mara nyingi huanza kujionyesha kati ya siku ya 4 na ya 7, na siku hizo uko kwako.

Nilimhudumia mama mmoja ambaye siku ya 6 aliona unyevu kwenye nguo, upande wa kulia wa mshono. Akadhani ni jasho, akapaka poda. Siku ya 8 alirudi na homa ya 38.5. Ngozi pale ilikuwa ngumu na ya moto, na nilipobonyeza kidogo usaha ukatoka. Ilibidi tufungue sehemu ile, tuisafishe na kuiacha wazi ipone kutoka ndani kuja nje. Akaja kubadilishiwa bandeji kwa wiki kadhaa. Laiti angekuja siku ile ya unyevu!

Kwa hiyo kila siku ukishaoga, lala chali, inua mkunjo wa tumbo, utazame kwa kioo au mtu akutazamie. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi gusa kwa mgongo wa kiganja: kama pembeni pana joto kuliko sehemu nyingine, au maumivu yaliyokuwa yanapungua yameanza kupanda, njoo. Njoo pia ukiona majimaji, harufu au mshono kuachia. Ganzi na muwasho kidogo visikutishe. Homa ipime kabla ya kumeza panado, kwa sababu panado huishusha ukadhani huna. Ikifika 38, njoo.

Kuosha ni rahisi: maji safi na sabuni laini, bila kusugua, kisha kausha kwa kugandamiza taratibu na kitambaa safi. Usipake chochote ambacho hukuandikiwa.

Ngozi hufunga mapema, lakini utando mgumu ulioshonwa chini yake bado ni dhaifu. Ndiyo maana kwa wiki 6 usibebe kizito kuliko mtoto wako. Ukiamka, geuka ubavu kwanza, ujisukume kwa mikono. Na kupumzika si kulala kutwa. Tembea kidogo kidogo, damu isigande miguuni.

Mengine hayangoji kesho, hata usiku njoo: pedi kulowa chapachapa ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya.

Ukija, njoo na karatasi yako ile ya daktari. Imeandikwa aina ya uzi uliotumika, na atakayekupokea atajua kama ni wa kutolewa au unayeyuka wenyewe.