Hoteli ikikata asilimia tano, ile hela bado ni yenu

Asalaam alaykum ndugu zangu wahasibu. Leo tunazungumzia kodi ya zuio kwa upande wa aliyekatwa.

Chukueni kampuni ya wahandisi ya Fuoni iliyokagua mfumo wa umeme wa hoteli moja Nungwi. Ada ni shilingi 4,000,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 15 ni 600,000, kwa hiyo ankara ni 4,600,000. Benki zinaingia 4,400,000 tu. Pungufu ya 200,000 ndiyo kodi ya zuio: asilimia 5 ya ada, kabla ya kuongeza ile 600,000. Zingekatwa 230,000, ingekuwa hoteli imepiga hesabu juu ya ankara nzima, basi irudishwe isahihishe.

Malipo yakiingia, debiti benki 4,400,000, debiti akaunti ya “kodi ya zuio inayodaiwa” 200,000, na krediti deni la hoteli 4,600,000. Deni la hoteli limekwisha. Mapato yanabaki 4,000,000 kama yalivyoandikwa siku ya ankara.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wapo wanaoandika mapato 3,800,000, kwa kuwa ndicho kilichobaki mkononi. Wapo wanaoitupa 200,000 kwenye matumizi. Sheria ya Kodi ya Mapato haikubali kodi hiyo iwe tumizi la kupunguza faida. Mkaguzi atairudisha kwenye faida. Na kwa kuwa haimo kwenye akaunti yake, mwisho wa mwaka hakuna atakayekumbuka kuidai. Imepotea yote.

Maana kodi hii si nyongeza; ni kodi yenu ya mapato iliyolipwa mapema kwa mkono wa hoteli. Tuseme faida ya mwaka ni 12,000,000. Kodi ya kampuni, asilimia 30, ni 3,600,000. Kwa awamu za makadirio mmeshalipa 2,000,000, na wateja wote wamekukateni 1,400,000. Kilichobaki kulipa ni 200,000. Ile akaunti ya kodi inayodaiwa inafungwa kwa kupelekwa kwenye kodi ya mwaka.

Lakini ingizo la vitabuni peke yake halitoshi. Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia kodi ya mapato hata huku kwetu, itataka hati ya kodi ya zuio. Hoteli inatakiwa kuwasilisha fedha ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha. Basi idaini hati mapema, wakati mhasibu wake bado anaikumbuka ankara. Someni jina, nambari ya mlipakodi, mwezi na kiasi. Nambari ikikosewa tarakimu moja, kodi inaweza kuonekana ya mtu mwengine.

Kila mwezi linganisheni salio la akaunti na hati zilizomo kwenye faili. Salio likisema 1,400,000 na hati zikafika 1,150,000, kuna 250,000 ambazo ama hazijawasilishwa, ama hati haijatolewa. Andikeni majina ya wateja hao, na mtu akawafuate Nungwi kabla hesabu za mwaka hazijafungwa.