Mkopo wa Masomo: Siku Riba Inapogeuka Kuwa Deni

Bakari: Karibuni tena, tuko hapa Shangani, Mtwara. Mkisikia upepo ujue ni bahari, dirisha halifungi vizuri. Mimi ni Bakari, niko na dada Zuhura, ambaye alikaa dirisha la mikopo benki miaka tisa kabla hajahamia kwenye duka lake la vitambaa.

Zuhura: Na dukani nalala usingizi. Asanteni kwa kutusikiliza.

Bakari: Leo habari ni ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu alikopa milioni 6 asome stashahada ya ualimu ya mwaka mmoja. Akaambiwa atasoma mwaka mzima, kisha apewe miezi 6 ya neema atafute kazi, ndipo aanze kurejesha. Juzi kapigia simu benki kuuliza anadaiwa kiasi gani. Kajibiwa milioni 7 na laki 4, na bado hajaanza kulipa! Mzee kule Newala kakasirika, anasema tumeibiwa.

Zuhura: Kwanza tutenganishe vitu viwili, maana simu zitaanza kuingia. Huu si mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ule wa Bodi ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ikafutwa mwaka 2021. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Wenu ni mkopo wa benki, una mkataba na riba yake. Riba ni asilimia ngapi?

Bakari: 18 kwa mwaka.

Zuhura: Sawa. Kwa mwezi ni moja na nusu. Benki inahesabu kwa siku, lakini tuchukue mwezi ili wote twende pamoja. Moja na nusu ya milioni 6 ni elfu 90. Mwezi wa kwanza, mdogo wako yuko darasani, elfu 90 inaandikwa. Wa pili, elfu 90 nyingine. Hakuna anayemdai, hakuna meseji, lakini daftari linaandikwa.

Bakari: Kwa hiyo hiyo neema ni ya nini?

Zuhura: Ni neema ya kutolipa. Kuhesabiwa kunaendelea. Na mkopo ulitoka lini?

Bakari: Tarehe 1 Julai mwaka jana. Wote kwa mkupuo mmoja, ada ikaenda chuoni moja kwa moja.

Zuhura: Basi miezi 18 inaisha Desemba 31 mwaka huu. Elfu 90 mara 18 ni milioni 1 na laki 6 na elfu 20. Sasa tuko Novemba, imeandikwa miezi 16, yaani milioni 1 na laki 4 na elfu 40. Ukijumlisha na ile milioni 6 unapata milioni 7 na laki 4 na elfu 40. Mzee hajaibiwa. Hesabu ya benki ni hiyo hiyo.

Bakari: Atakasirika zaidi. Yeye anasema riba yenyewe ndiyo wizi.

Zuhura: Hilo akamuulize sheikh wake, na mimi nitamsikiliza. Hapa nasema tu mkataba alioweka saini unafanyaje kazi. Na ukiniuliza jambo la kuogopa, si hiyo milioni 1.6. Ni usiku wa kuamkia Januari 1.

Bakari: Kuna nini usiku huo?

Zuhura: Mpaka siku hiyo, kwenye daftari kuna mistari miwili. Mmoja ni deni la msingi, milioni 6. Wa pili ni riba iliyolimbikizwa. Elfu 90 inatoka kwenye ule mstari wa kwanza tu, ule wa pili hauzai kitu. Neema ikiisha, mstari wa pili unafutwa na kumiminwa kwenye wa kwanza. Deni la msingi linasomeka 7,620,000. Kuanzia hapo riba inahesabiwa kwa hiyo yote, mwezi wa kwanza tu ni 114,300.

Bakari: Riba imezaa riba.

Zuhura: Ndiyo. Mkataba wenu ni wa kurejesha miaka mitatu?

Bakari: Miezi 36, kwa riba inayopungua, yaani inahesabiwa kwa deni lililobaki.

Zuhura: Nilishapiga hesabu jana usiku. Kama deni lingeanza kurejeshwa likiwa milioni 6, rejesho ni kama 216,900 kwa mwezi. Likianza na milioni 7.62, ni kama 275,500. Tofauti ni elfu 58 na kitu. Ukizidisha kwa miezi 36 unapata karibu milioni 2 na laki 1.

Bakari: Wakati riba yenyewe ilikuwa milioni 1.6.

Zuhura: Hapo ndipo penye laki 4 na elfu 88 za ziada. Hizo hazikutokana na mkopo wa ada. Zimetokana na riba kuhamishwa mstari.

Bakari: Sasa angekuwa analipa elfu 90 kila mwezi tangu mwanzo...

Zuhura: Mwanafunzi elfu 90 aitoe wapi? Na kwa mkataba kama wenu, hana haja ya kulipa kila mwezi. Riba iliyolimbikizwa haizai mpaka siku ya kuhamishwa. Ukilipa milioni 1.62 kidogo kidogo, au ukalipa yote Desemba 28, Januari 1 deni la msingi ni lile lile milioni 6. Tarehe ndiyo muhimu. Na ndiyo maana nilikuuliza mkopo ulitoka lini, kwa sababu kwa watu wa huku Desemba si mwezi mbaya.

Bakari: Korosho.

Zuhura: Minada inaanza Oktoba, fedha za wakulima zinaingia kwenye akaunti kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Mzee wako ana mikorosho mingapi?

Bakari: Hasemi. Hata mama hajui. Ila amesema anaweza kutoa laki 8 baada ya mnada ujao, akishalipa deni la salfa, dawa ya mikorosho.

Zuhura: Laki 8 ni kitu. Hailipi riba yote, lakini deni la msingi Januari litakuwa 6,820,000 badala ya 7,620,000. Rejesho linashuka kwa karibu elfu 29 kila mwezi. Kwa miezi 36 ni milioni 1 na elfu 41. Mzee katoa laki 8, kaokoa milioni 1 na elfu 41.

Bakari: Hiyo nitamwambia kwa maneno hayo hayo. Je, fedha za mnada zikichelewa, akope kwa mtu wa kangomba ili awahi tarehe?

Zuhura: Aaah, hapana! Ukimpa mtu wa kangomba korosho kabla ya mnada, anachukua kwa bei ya kutupa. Faida ya kuwahi tarehe kwa laki 8 ni kama laki 2 na elfu 40, tena kwa miaka mitatu. Kwa kangomba unaweza kupoteza hiyo kwenye magunia machache, siku moja. Afadhali ichelewe.

Bakari: Nimekuelewa. Basi mzee akipata anaingiza laki 8 kwenye akaunti ya mdogo wangu, kwisha.

Zuhura: Ngoja, usiende mbali. Hapo ndipo nimeona watu wengi wakilia. Nilikuwa na mteja, mama mmoja mfanyabiashara, alimsomesha kijana wake kwa mkopo wa namna hii hii. Akaweka fedha kwa wakala, zikaingia akaunti ya kijana siku kumi kabla ya tarehe. Akalala akijua amelipa. Sasa, kipindi cha neema mfumo wa benki haukati chochote, kwa sababu hakuna rejesho lililofika. Fedha zilikaa kwenye akaunti ya kawaida zikitazamana na deni. Tarehe ikafika, riba yote ikahamishwa kwenye deni la msingi. Mwezi uliofuata mfumo ukaamka, ukakata rejesho. Mwezi wa pili ukakata tena.

Bakari: Kwa hiyo zile fedha zililipa marejesho ya kawaida tu.

Zuhura: Kwa laki 8 za mzee wako zingekuwa marejesho mawili na kipande cha tatu. Rejesho linabaki lile lile 275,500 hadi mwisho. Yule mama alikuja kaunta na risiti ya wakala mkononi, na risiti ilikuwa ya kweli. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, sina la kumfanyia. Bado namkumbuka.

Bakari: Sasa afanyeje?

Zuhura: Mdogo wako aende tawini mwenyewe, na barua fupi. Aandike namba ya mkopo, kiasi, na maneno haya: "Fedha hizi zilipe riba iliyolimbikizwa kabla ya kipindi cha neema kwisha." Apate nakala iliyogongwa muhuri. Kisha asiondoke na maneno ya "tutashughulikia". Baada ya siku mbili tatu aombe taarifa ya mkopo na aangalie ule mstari wa riba kama umeshuka. Kama akaunti ndiyo imepungua lakini mstari wa riba uko pale pale, arudi siku hiyo hiyo. Na asisubiri tarehe 31. Matawi yanafunga hesabu za mwaka, foleni unaijua.

Bakari: Na Januari atajuaje kimehamishwa kiasi gani?

Zuhura: Aombe ratiba mpya ya marejesho, aangalie salio la kuanzia. Kama laki 8 zimefanya kazi, aone 6,820,000 au jirani yake, maana hesabu ya siku inaweza kutofautiana kidogo. Akiona 7,620,000, barua yake haikufanyiwa kazi, na ile nakala yenye muhuri ndiyo ya kumpelekea meneja.

Bakari: Msikilizaji mmoja wa Lindi ameshatuma meseji, anasema mkataba wake unasema riba inajumlishwa "kila mwezi".

Zuhura: Huo ni mwingine kabisa, asome vizuri. Wake hausubiri mwisho wa neema, mistari inamiminwa kila mwezi. Kwa milioni 6 ile ile na miezi 18, angefika kama 7,844,000, yaani laki 2 na elfu 24 juu ya wa kwenu. Kwake yeye kusubiri Desemba kuna gharama, kila elfu kumi anayowahisha inamsaidia. Na mwingine kama ada yake ilitolewa kwa awamu, kila awamu inaanza kuhesabiwa tangu siku ilipotoka, kwa hiyo riba yake itakuwa ndogo kuliko hesabu hii.

Bakari: Swali langu la mwisho. Mdogo wangu hajapata ajira, anataka kuomba neema iongezwe miezi 6.

Zuhura: Aulize kwanza: ile riba ya mwanzo inahamishwa Desemba, ndipo neema mpya ianze? Kama ndiyo, miezi hiyo 6 haihesabiwi kwa elfu 90 tena. Inahesabiwa kwa 114,300, jumla karibu laki 6 na elfu 86, na zenyewe zitahamishwa Juni. Kama hana kipato kabisa, aombe, atafanyaje? Lakini laki 8 za mzee ziingie kabla ya Desemba kuisha, si baada.

Bakari: Mnada ujao ni Ijumaa. Ngoja nimpigie sasa hivi, kule Newala mtandao ukikaa vizuri ni usiku tu.

Zuhura: Mpigie na mdogo wako. Mwambie mkataba autoe alikouficha, aangalie neno "kila mwezi" lipo au halipo.