Kisakinishi Kinasema Draivu Z: Haipo, na Wewe Unaiona

Haya, tuko hewani. Leo tuna kisakinishi kilichokaa kwenye folda ya seva, na hiyo folda nimeiunganisha kama draivu Z:. Nabofya setup.exe, Windows inaomba ruhusa… hapo skrini yangu imekuwa nyeusi, msiguse simu zenu! Windows huificha ile skrini ya ruhusa, kwa hiyo programu ya kurekodi haiioni. Nimebonyeza ndiyo. Na tazama:

```
Error 1327. Invalid Drive: Z:\
```

Na Z: hiyo hapo pembeni, imefunguka, mafaili yote yanaonekana. Raha, eh?

Kinachotokea ni hiki. Admini akiingia kwenye Windows, hupewa vikao viwili: kimoja cha kawaida na kimoja chenye haki kamili. Z: uliiunganisha kwenye kile cha kawaida. Ukibonyeza ndiyo, kisakinishi kinahamia kile kingine, na huko hakuna aliyewahi kuunganisha Z:.

Tuthibitishe. Fungua cmd mbili, moja ya kawaida, nyingine kwa Run as administrator. Andika kote kuwili:

```
net use
```

Ya kawaida inasema OK. Ile nyingine, ona, imeandika Unavailable mbele ya Z:. Hapa ndipo watu wanapoanza kulaumu seva na kebo. Seva ni nzima. Jina tu limekumbukwa, muunganisho haupo.

Sasa dawa, na hapa twende taratibu. Angalia juu ya dirisha: lazima paandikwe Administrator. Nasema tena, kabla ya kuandika chochote, angalia juu! Kwenye dirisha la kawaida amri hii itakubali vizuri kabisa na haitakusaidia kitu.

```
pushd \\seva01\programu\ankara
setup.exe
```

Weka jina la seva yako na la folda yako. Usitumie cd, kwa sababu cmd haikubali kusimama kwenye njia ya mtandao. pushd inakupa herufi ya muda ndani ya kikao hikihiki. Ukimaliza, popd.

Imeanza… inasogea. Safi.

Kama unaingia kwa akaunti isiyo ya admini na unaandika nywila ya mtu mwingine, kisakinishi kinaendeshwa kwa jina la huyo mwingine. Asipokuwa na ruhusa kwenye folda ya seva, utapata Access is denied. Hapo nakili kwanza kwenda C:\ ukiwa wewe mwenyewe. Nakili folda nzima, siyo setup.exe peke yake. Nzima, pamoja na mafaili ya .msi na .cab yaliyo jirani yake.

Mimi binafsi kwa programu kubwa hunakili tu siku zote. Ikiomba kuwasha upya katikati, herufi ya pushd imeshapotea, lakini C:\ bado ipo.