Umeshatuma fomu, kisha unaona jibu si sahihi

BAKARI: Msikilizaji, karibu. Leo niko na dada Zuhura, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwasaidia watu kujaza fomu za viza. Jambo letu ni moja: umejaza fomu mtandaoni, umeituma, imejifunga, halafu unagundua kuna jibu si sahihi. Tutalitazama kupitia DS-160, fomu ya viza za muda za Marekani, zile za utalii, masomo au biashara. Karibu sana, dada.

ZUHURA: Ahsante, kaka Bakari. Nianze na mama mmoja aliyenijia akiwa na karatasi mkononi. Fomu yake aliituma Jumatatu usiku, na usaili wake ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Jumanne asubuhi akakaa kusoma nakala ya majibu yake, akakuta kwenye swali la kama amewahi kunyimwa viza ya Marekani limeandikwa `No`. Lakini aliwahi kuomba mwaka 2016 na akanyimwa.

BAKARI: Alisahau?

ZUHURA: Hakusahau. Mwanawe ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta akimsomea maswali. Kwenye ukurasa ule maswali yanafuatana: umewahi kuwa Marekani, umewahi kupewa viza, umewahi kunyimwa. Mawili ya kwanza jibu lake la kweli ni hapana. La tatu kijana alibofya hapana kwa mkondo ule ule, na mama akaitikia bila kulisikia vizuri.

BAKARI: Kwa hiyo ni kosa la kidole. Lakini ofisa wa ubalozi hajui habari za kidole.

ZUHURA: Hajui. Yeye anaona kumbukumbu za mwaka 2016 kwenye mfumo wake, na anaona `No` kwenye fomu. Hapo ndipo mzigo ulipo. Kunyimwa huko kwa zamani kwenyewe hakumzuii mtu kupata viza leo. Wengi hunyimwa kwa sababu hawakumridhisha ofisa kwamba watarudi kwao, na hali ya mtu hubadilika. Lakini ofisa akiamua kwamba umeficha kwa makusudi jambo lenye uzito kwenye maamuzi yake, sheria ya uhamiaji ya Marekani inakuzuia maisha yako yote, mpaka uombe na kupewa msamaha maalumu. Mama yule alikuwa na jambo dogo la zamani, na jibu moja lilikuwa linataka kuligeuza kuwa jambo kubwa la leo.

BAKARI: Basi alipokuja kwako, ulimwambia nini kwanza?

ZUHURA: Nilimwambia asibofye kitu kwanza. Mtu akiona kosa mkono unawasha, anataka kujaza nyingine papo hapo. Kwa DS-160 hilo linaruhusiwa, lakini usilichukue kama kanuni ya kila fomu. Chukua bahati nasibu ya viza, ile ya `DV`. Pale kila mtu ana haki ya ombi moja tu kwa mwaka. Ukituma la pili ili kusahihisha la kwanza, yote mawili yanafutwa. Nimeona watu waliokosea herufi moja ya jina wakatuma tena, wakajitoa wenyewe. Kwa hiyo kabla ya lolote, soma maelekezo ya mfumo husika: je, kutuma upya ndiyo njia yao ya kusahihisha, au ndilo kosa kubwa zaidi?

BAKARI: Na kama hairuhusiwi kutuma upya?

ZUHURA: Basi unaangalia kama kuna ofisi inayoweza kukufungulia. Fomu ya viza ya uhamiaji, DS-260, ikishatumwa huwezi kuigusa, lakini unaweza kuiomba ofisi inayoshughulikia faili lako iifungue. Kwenye ombi la bahati nasibu hakuna mlango huo, unabaki na ulichoandika. Turudi kwa mama.

BAKARI: Twende kwa mama.

ZUHURA: Tulichukua nambari ya fomu yake. Ni ile inayoanza na `AA00`, iko kwenye ukurasa wa uthibitisho chini ya mistari myeusi ya kuskeni. Tukaingia `ceac.state.gov`, tukachagua ubalozi ule ule, tukabofya `Retrieve an Application`. Mfumo ukataka herufi tano za mwanzo za jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa, na jibu la swali la siri alilolichagua siku ya kwanza.

BAKARI: Hilo swali la siri limewakwamisha wengi.

ZUHURA: Sana, kwa sababu mtu analijibu kwa haraka halafu halikumbuki. Likupotee au la, bado unaweza kuanza fomu mpya kabisa kutoka mwanzo. Unachopoteza ni muda wa kuandika. Yeye alilikumbuka. Kwa kuwa fomu ilishatumwa, mfumo haukumpa nafasi ya kuihariri. Ulimpa nafasi ya kutengeneza nyingine kutokana na ile ya zamani. Hapa watu wanadhani wamefunguliwa fomu yao. La, hiyo ni fomu mpya, ina nambari mpya, na ni baadhi tu ya taarifa zinazohamia. Nyingine unazijaza tena.

BAKARI: Maana yake unaweza kusahihisha kosa moja ukaleta jipya.

ZUHURA: Ndiyo maana tuliweka nakala ya zamani mezani, tukapita mstari kwa mstari. Na tulipofika mwisho tukakuta kosa la pili, ambalo hata mwenyewe hakuwa ameliona. Fomu inauliza kama kuna mtu aliyekusaidia kuijaza. Ya kwanza ilisema hapana, wakati mwanawe ndiye aliyeandika kila kitu. Tukaandika ndiyo, na jina la kijana, na kwamba ni mwanawe. Hakuna ubaya kusaidiwa. Ila kile kitufe cha mwisho cha kutia saini na kutuma anakibofya mwombaji mwenyewe, kwa sababu ndiye anayekiri kwamba yote ni kweli.

BAKARI: Na lile swali la 2016?

ZUHURA: Ukichagua `Yes` kinafunguka kisanduku cha maelezo. Aliandika mwaka, aina ya viza, ubalozi alikoombea, na kwamba alinyimwa. Mistari miwili. Alitaka kuanza kueleza kwa nini alinyimwa na jinsi alivyoonewa, nikamwomba aache. Kisanduku kile kinataka tukio, si malalamiko.

BAKARI: Alilipa tena?

ZUHURA: Hapana, na hili niliseme wazi kwa sababu kuna watu wanatozwa na mawakala. DS-160 yenyewe haina malipo. Ada ya viza unailipa kwenye mfumo wa miadi, na kujaza DS-160 mpya hakukudai ada nyingine.

BAKARI: Basi akawa amemaliza.

ZUHURA: Bado, kaka. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Miadi ya usaili imefungwa na nambari ya DS-160. Mama ana fomu mpya yenye nambari mpya, lakini miadi yake bado inaonyesha ya zamani. Akienda hivyo, ofisa anaweza kufungua ile yenye kosa, au mama anarudishwa mlangoni kwa kuwa nambari hazilingani. Tukaingia kwenye akaunti ya miadi, tukabadilisha nambari, tukachapa upya barua ya miadi. Kisha nikamwambia asome nambari kwenye karatasi zote mbili kwa sauti, herufi kwa herufi. Zililingana.

BAKARI: Na akaunti ikikataa kubadilisha?

ZUHURA: Unawaandikia huduma ya miadi mapema. Balozi nyingine zinataka fomu iwe imetumwa siku kadhaa za kazi kabla ya usaili, na akaunti nyingine zinazuia mabadiliko miadi ikikaribia. Mama alikuwa na siku tisa, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Barua yenyewe iwe fupi: nambari ya zamani, nambari mpya, tarehe ya usaili, swali lililokosewa, jibu sahihi, na sentensi moja ya jinsi kosa lilivyotokea. Uihifadhi, maana ile tarehe iliyo juu yake ndiyo ushahidi wako.

BAKARI: Hapo kwenye tarehe nataka tukae kidogo.

ZUHURA: Tukae, kwa sababu ndiyo kiini. Maofisa wa Marekani wanaongozwa na kanuni kwamba mtu aliyesema lisilo kweli akilirekebisha mwenyewe kwa wakati, hahesabiwi kuwa amedanganya. Kwa wakati maana yake ni nafasi ya kwanza, kabla hajabanwa na kabla uongo haujakaribia kufichuka. Ukingoja ofisa akuulize, "Mbona hapa umesema hukunyimwa?", ndipo useme ulikosea, maneno ni yale yale lakini hayana tena nguvu ile. Kwa hiyo hata kama umegundua ukiwa kwenye foleni asubuhi ya usaili, huna muda wa fomu mpya, ukifika dirishani liwe neno lako la kwanza.

BAKARI: Baada ya salamu.

ZUHURA: Baada ya salamu, kabla hajaanza maswali. Mama tulimwandalia hivi: "Kwenye fomu yangu ya kwanza nilijibu hapana kwenye swali la kunyimwa viza. Si sahihi. Nilinyimwa mwaka 2016. Nimejaza fomu mpya, nambari hii hapa." Akabeba kurasa zote mbili za uthibitisho, ya zamani na mpya. Ya zamani haikutupwa, maana inaonyesha lini alituma ya kwanza na lini alisahihisha.

BAKARI: Je, kila kosa linahitaji mzunguko wote huu? Nimekosea nambari ya nyumba, kwa mfano.

ZUHURA: Kwa nambari ya nyumba, mwambie ofisa dirishani, yatosha. Mimi najiuliza: jibu hili likibadilika, ofisa anaweza kuamua tofauti, au anaweza kushindwa kujua mimi ni nani? Jina, nambari ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, kunyimwa viza, kukamatwa, ndugu walioko Marekani, hayo yote ni fomu mpya. Nikisitasita, najaza mpya.

BAKARI: Na aliyegundua baada ya usaili kupita?

ZUHURA: Aandike ubalozini siku hiyo hiyo, kwa nambari ya fomu na tarehe ya usaili. Faili likiwa bado linashughulikiwa, watamwambia afanye nini. Kama viza imeshatoka, asiseme basi imepita, kwa sababu jibu lile linabaki kwenye kumbukumbu na litakutana na fomu yake ijayo.

BAKARI: Mama aligunduaje, kwani? Wengi tunachapa ule ukurasa wa uthibitisho tu.

ZUHURA: Ule una picha, jina na nambari, majibu hayamo. Pale pale baada ya kutuma kuna kitufe kingine, `Print Application`. Hicho ndicho kinachotoa majibu yote. Yeye alikibofya kwa kuwa alitaka kuweka nakala kwenye faili lake la nyumbani.

BAKARI: Na usaili uliishaje?

ZUHURA: Alisema maneno yale. Ofisa akatazama skrini, akamwuliza kilichobadilika kwake tangu 2016, wakaendelea na maswali ya safari. Suala la fomu ya kwanza halikurudiwa.